Turbaini ya gesi na turbaini ya mvuke kwa moto mmoja: maswali ninayoulizwa Mombasa

Nimefanya kazi ya zamu kwenye mitambo ya stima hapa pwani kwa miaka mingi, na nikikaa barazani jioni maswali hayakosi. Mengine huletwa na vijana wa chuo cha ufundi wanaotafuta nafasi ya mazoezi, mengine na wazee wanaokumbuka mtambo wa zamani wa stima wa Kipevu. Haya hapa ndiyo yanayorudi kila mara. Majibu hayalingani urefu, kwa sababu maswali yenyewe hayalingani uzito.

Mtambo wa mizunguko miwili ni nini hasa?

Ni mitambo miwili inayokula chakula kimoja. Wa kwanza ni turbaini ya gesi: kompresa inavuta hewa ya nje na kuibana mara 15 hadi 20 ya presha ya kawaida, mafuta au gesi asilia inachomwa ndani ya hewa hiyo, na mwako unaotoka unasukuma mapanga ya turbaini yaliyo kwenye shafti moja na kompresa. Shafti hiyo ndiyo inayozungusha jenereta.

Moshi ukishatoka kwenye mapanga bado una joto la digrii 550 hadi 630 hivi. Kwenye mtambo wa kawaida moshi huo unapanda juu na kupotea. Kwenye mtambo wa mizunguko miwili unapitishwa kwanza ndani ya boila isiyokuwa na moto wake. Ndani yake mna misitu ya mabomba yenye maji, maji yanageuka mvuke, na mvuke unazungusha turbaini ya pili yenye jenereta yake. Hakuna tone jingine la mafuta linaloongezwa.

Kwa nini moshi utoke na joto kali hivyo? Si turbaini ya gesi ndiyo mbovu?

Si ubovu, ni umbile lake. Mwako unaingia kwenye mapanga ukiwa na digrii 1,400 au zaidi katika mashine za kisasa, na unashuka presha hadi kufikia ile ya hewa ya nje. Presha ikifika hapo, kazi imekwisha: hakuna tena cha kusukuma. Lakini joto halijaisha. Presha imekauka kabla ya joto kupoa.

Jambo jingine ambalo watu hawalijui ni kwamba nusu au zaidi ya nguvu inayotolewa na mapanga inarudi nyuma kuendesha kompresa. Ndiyo sababu mashine za mwanzo zilikuwa na ufanisi wa kusikitisha. Ile ya Neuchâtel, Uswisi, iliyofungwa mwaka 1939 na kuhesabiwa kuwa ya kwanza kuzalisha umeme wa umma, ilikuwa ya megawati 4 na ufanisi wake ulikuwa asilimia 17.4. Leo mashine kubwa inayofanya kazi peke yake hufikia 38, na zilizo bora hupita 40.

Basi si afadhali gesi yote ichomwe kwenye boila, tupate mvuke mwingi, tusahau turbaini ya gesi?

Hili ndilo swali lenyewe. Anayelielewa jibu lake ameelewa mtambo mzima.

Fikiria nyumba ya ghorofa ya Mji wa Kale, yenye ngazi ndefu. Joto liko juu kabisa, kwenye paa, na lazima literemke hadi chini, kwenye kiwango cha bahari. Kila ngazi linayoteremka linaweza kukufanyia kazi, mradi uwe umeweka kitu cha kufanyiwa kazi kwenye ngazi hiyo. Ukiliacha lianguke bila kitu, limeanguka bure na halirudi.

Moto wa gesi una zaidi ya digrii 1,400. Boila ya mvuke haiwezi kupeleka mvuke wa joto hilo. Mabomba yake ni chuma kinachobeba presha kubwa mchana na usiku kwa miaka, na kwa kawaida mvuke unakomea digrii 540 hadi 600. Zaidi ya hapo chuma kinalegea, kinatanuka polepole, mwisho kinapasuka. Kwa hiyo ukichoma gesi chini ya boila, joto linaanguka kutoka 1,400 hadi 560 bila kuzungusha chochote. Ghorofa za juu zote umezitupa.

Turbaini ya gesi inaweza kukaa huko juu. Mapanga yake ya mbele ni madogo, ya aloi maalumu ya nikeli, matupu ndani, na hewa baridi kutoka kwenye kompresa inapita katikati yake ikitokea kwenye vitundu vidogo. Panga linaogelea ndani ya mwako ulio moto kuliko kiwango chake cha kuyeyuka, na haliyeyuki. Boila ya maelfu ya mabomba haiwezi kujengwa hivyo.

Kwa hiyo kazi inagawanywa. Gesi inafanya kazi kutoka digrii 1,400 kushuka hadi 600. Mvuke unapokea hapo na kushuka hadi digrii 40 hivi, joto la kondensa, yaani chombo kinachoupoza mvuke uliokwisha kazi ukarudi kuwa maji. Gesi ni dhaifu ghorofa za chini, mvuke haufiki ghorofa za juu. Ufanisi hauongezeki kwa sababu mvuke ni wa ajabu. Unaongezeka kwa sababu ngazi zote sasa zina mfanyakazi.

Tupe hesabu. Megawati 100 za mafuta zinakwenda wapi?

Tuchukue mtambo wa wastani, turbaini ya gesi ya ufanisi wa asilimia 38. Katika joto la megawati 100 linaloingia, 38 zinatoka kama umeme. Moja hivi inapotea kwenye mafuta ya kulainishia, jenereta na kuta. Zilizobaki 61 ziko kwenye moshi wa digrii 600.

Boila inaupoza moshi kutoka 600 hadi 100 kabla ya kuuachia kwenye dohani. Hewa ya nje ni digrii 30. Kwa hiyo katika mteremko mzima wa digrii 570, boila imekamata 500, yaani asilimia 88 hivi. Asilimia 88 ya 61 ni megawati 53 zilizoingia kwenye mvuke. Nane zimeenda na dohani.

Mzunguko wa mvuke wa aina hii unageuza kama asilimia 36 ya joto linaloingia kuwa umeme. Hiyo ni megawati 19. Nyingine 34 zinaachwa kwenye maji ya bahari kupitia kondensa.

Jumlisha: 38 na 19 ni 57. Mafuta ni yaleyale, umeme umeongezeka kwa nusu nzima ya ule wa mwanzo. Ndiyo sababu utasikia kwamba theluthi mbili ya umeme wa mtambo kama huu hutoka kwenye gesi na theluthi moja kwenye mvuke. Kwa mashine kubwa zaidi, zenye mwako mkali zaidi, wenzetu wamevuka 60: mtambo wa Bouchain, Ufaransa, ulipimwa mwaka 2016 ukapata asilimia 62.22.

Mwalimu wetu alisema 38 na 36 ni 74. Nani mkweli?

Mwalimu amejumlisha asilimia za vitu viwili tofauti. Ile 38 ni ya mafuta yote. Ile 36 ni ya joto lililofika kwenye mvuke peke yake, na kwa turbaini ya mvuke megawati 38 za kwanza hazipo tena, zimeshakwenda Nyali na Likoni kuwasha taa. Hesabu sahihi ni hii:

```
0.38 + (1 - 0.38) x 0.31 = 0.57
```

Ile 0.31 ni umeme wa mvuke, megawati 19, ukigawanywa kwa 62 zilizobaki. Angalia pia jambo moja la kuvutia: ukiboresha turbaini ya gesi, unapunguza kilichobaki kwa mvuke. Pointi moja ya ziada kwenye gesi haiwi pointi moja kwenye jumla, inakuwa kama theluthi mbili tu.

Kwa nini moshi usipozwe hadi digrii 40, tusitupe zile nane?

Vijana huliuliza hili wakidhani shida ni ukubwa wa boila. Ukubwa una sehemu yake, lakini kizuizi cha kwanza ni tabia ya maji.

Maji yakichemka hayapandi joto. Kwenye presha mara 100 ya ile ya kawaida yanachemka kwenye digrii 311, na yanakaa hapo mpaka tone la mwisho ligeuke mvuke. Kuchemka ndiko kunakokula joto jingi. Kwa hiyo moshi unaochemsha lazima uwe na zaidi ya digrii 311 mpaka mwisho wa kuchemsha. Tuseme 320, ili ule mwanya mdogo wa digrii tisa usukume joto kuingia bombani. Joto la moshi kutoka 600 hadi 320 ndilo linaloamua utapata mvuke kiasi gani. Ukishajua kiasi cha mvuke, unajua pia kiasi cha maji baridi yatakayoingia, na maji hayo hayana uwezo wa kumeza joto lote lililobaki kwenye moshi. Nimewahi kupiga hesabu hiyo kwa maji yanayoingia na digrii 60: moshi unaondoka ukiwa na 165 hivi. Ongeza mabomba utakavyo, hautashuka sana.

Maji yanayochemka hukusanywa kwenye drami, pipa nene la chuma ambamo mvuke unatengana na maji. Suluhisho ni kuweka drami ya pili ya presha ndogo. Kwenye presha mara sita hivi maji huchemka kwenye digrii 159. Moshi ambao umeshindwa kuchemsha maji ya presha kubwa bado unaweza kuchemsha haya. Mvuke huu mnyonge unaingizwa katikati ya turbaini, mahali ambapo mvuke mkubwa umeshashuka kufikia presha hiyohiyo. Mitambo mikubwa ina drami tatu. Kwa mfano wetu, tofauti kati ya drami moja na kushuka hadi digrii 100 ni kama megawati 2. Ni pesa, lakini pia ni mabomba, valvu na mikwaruzo ya kutosha kumpa fundi kazi mpaka astaafu.

Kizuizi cha pili ni salfa. Ukichoma mafuta mazito, moshi ukipoa chini ya digrii 130 au 140 unaanza kutoa umande wa tindikali ya salfuri juu ya mabomba ya mwisho, na mabomba yanaliwa kama mchwa anavyokula boriti. Gesi asilia karibu haina salfa, ndiyo maana inaruhusu kushuka hadi 100 na hata chini kidogo.

Joto la Mombasa linaharibu mambo?

Linapunguza. Watengenezaji hutangaza nguvu ya mashine kwa hewa ya digrii 15. Hapa saa nane mchana ni 31, hewa ni nyepesi, kompresa inameza uzito mdogo wa hewa na inachoka zaidi kuibana. Turbaini ya gesi inapoteza takriban moja ya kumi ya nguvu yake. Habari njema ni kwamba moshi hutoka moto kidogo zaidi, kwa hiyo mvuke hurudisha sehemu ya hasara, na ufanisi wa jumla hautetereki sana.

Kupoza hewa kwa kunyunyizia maji, kama wanavyofanya nchi kavu, hakutusaidii sana. Unyevu wetu umeshajaa. Muulize yeyote aliyeanika nguo mwezi wa Aprili.

Na bahari? Si ni baraka kuwa karibu nayo?

Ni baraka yenye masharti. Zile megawati 34 za kutupa zinahitaji maji kama tani moja kila sekunde, yakiingia baridi na kutoka yameongezeka digrii 8 tu. Ni sawa na lori la maji la lita 10,000 kila baada ya sekunde kumi, usiku na mchana. Bila bahari ungejenga minara ya kupozea na kununua maji ya mfereji, na Mombasa maji ya mfereji sote twayajua.

Kondensa ina kazi moja kubwa: kuweka vakyum. Mvuke ukigandamana kuwa maji kwenye digrii 40, presha pale ni 0.074 tu ya ile tuliyo nayo sisi nje. Turbaini inavuta mvuke kuelekea kwenye upungufu huo. Kila digrii inayopanda pale ni ngazi za chini ulizozipoteza.

Kwenye mtambo mmoja wa mvuke nilikofanya kazi, jina lake tuliache, mzigo ulianza kushuka taratibu tangu alfajiri. Mvuke ulikuwa sawa, joto lake sawa, ila presha ya kondensa ilikuwa imepanda kutoka 0.074 hadi 0.10. Msimamizi mpya alitaka tuzime tufungue mabomba tuyasugue. Mzee wa zamu, tukimwita Bwana Fundi, akamwambia, "Kijana, soma vipimajoto vitatu kwanza."

Siku za kawaida maji ya bahari yaliingia na 28, yakatoka na 36, mvuke ukawa 40. Siku ile yaliingia na 28, yakatoka na 41, mvuke ukawa 46. Ukisoma hivyo, ugonjwa unajitaja. Maji yameongezeka digrii 13 badala ya 8, maana yake ni machache, kila lita inabeba mzigo mkubwa. Lakini mwanya kati ya maji yanayotoka na mvuke ni digrii 5, karibu ule wa kawaida wa 4. Mabomba ni safi. Angeona maji yametoka na 36 huku mvuke ukiwa 46, hapo ndipo angeshuku uchafu ndani ya mabomba, au hewa iliyopenya kwenye kondensa.

Tulikwenda kwenye mlango wa maji ufukweni. Wavu umejaa mwani na mifuko ya plastiki, maana ilikuwa kabla ya marufuku ya 2017. Saa moja ya reki na vakyum ikarudi, bila kuzima kitu.

Chumvi ikiingia kwenye boila?

Hilo ndilo la kuogopa kweli. Kwa kuwa kondensa ina vakyum, bomba likitoboka maji ya bahari yananyonywa kuingia kwenye maji safi, wala huoni tone nje. Unaligundua kwa kipimo cha upitishaji umeme wa maji. Sampuli inapitishwa kwanza kwenye kichujio cha resini kinachoondoa amonia, kisha kinachobaki kinapimwa. Kikianza kupanda kutoka kwenye kawaida yake, na sodiamu ikipanda pamoja nacho, bomba limetoboka. Usingoje. Kloridi ikifika kwenye drami inatafuna chuma chini ya utando wa kutu, na inayobebwa na mvuke inapasua mapanga ya mwisho ya turbaini. Kondensa za baharini siku hizi hufungwa mabomba ya titani kwa sababu hiyo.

Je, hapa kwetu mtambo kama huu upo?

Wa gesi na mvuke, la. Lakini kuna kichekesho. Kipevu iliwahi kuwa na mitambo ya zamani ya mvuke iliyochoma mafuta, na turbaini za gesi za megawati 30 kila moja, ya kwanza ikifungwa mwaka 1987. Nusu mbili zilikuwa jirani na hazikuwahi kuunganishwa. Ile ya mvuke ilistaafishwa, na zile za gesi zilihamishiwa Embakasi, baadaye Muhoroni.

Mtambo wa Rabai unakaribia wazo hili kwa njia nyingine: ni injini za dizeli, na moshi wake unapasha boila inayoendesha turbaini ndogo ya mvuke. Faida ni ndogo kwa sababu injini kubwa ya dizeli yenyewe ina ufanisi mzuri na moshi wake hutoka umepoa, chini ya digrii 400 hivi. Mpango wa mtambo wa gesi asilia wa megawati 700 hivi Dongo Kundu ulitangazwa mwaka 2013, haukujengwa.

Ukitaka kuona wa kweli kwa karibu, panda basi la Dar es Salaam. Kinyerezi II, iliyozinduliwa Aprili 2018, ina turbaini 6 za gesi na 2 za mvuke, jumla ya megawati 240, kwa gesi ya Tanzania yenyewe.

Ungejengwa Mombasa leo, ungetufaa?

Inategemea ungetumiwaje, na hapa maoni ni yangu. Turbaini ya gesi inawaka na kubeba mzigo kamili ndani ya nusu saa. Mvuke hauna haraka hiyo. Drami ni chuma kinene. Ukikipasha ghafla, ndani kunatanuka kabla ya nje na nyufa zinaanza kwenye maungio ya mabomba. Mtambo uliozimwa jana usiku unaweza kuhitaji saa moja au mbili, uliolala siku tatu unahitaji tatu hadi nne. Muda wote huo gesi inaendeshwa chini ya uwezo wake, na ufanisi wa 57 ni wa kwenye karatasi.

Kenya mzigo wa kila saa hubebwa na mvuke wa ardhini wa Olkaria, mitambo ya mafuta ya pwani ikiitwa jioni watu wanaporudi nyumbani, au kushikilia volti za pwani. Mtambo wa mizunguko miwili ukiwashwa saa kumi na mbili jioni na kuzimwa saa nne usiku ungechosha boila na usingerudisha gharama yake. Ukikimbia wiki nzima bila kuzimwa, hapo ndipo kila megawati ya mvuke inakuwa ya bure. Anayekuja na mpango aulizwe kwanza saa ngapi kwa mwaka, ndipo azungumzie asilimia.

Kwa nini isiwekwe turbaini ya tatu chini ya mvuke?

Kwa sababu kondensa iko digrii 40 na bahari iko 28. Ngazi zilizobaki ni kumi na mbili, na hizo ndizo zinazosukuma joto litoke kwenye kondensa liingie baharini.